Ukihutubia watahiniwa paredini, wape saa

Walimu wenzangu wa Kisumu, paredi ya mwisho kabla ya KCSE isiwe ya "jitahidini" tu. Wapeni vijana wetu mgao wa muda.

Chukua karatasi ya Insha: saa moja na dakika 45, insha mbili, kila moja alama 20. Waambie: dakika 5 kusoma maswali, 45 kwa kila insha, 10 za kupitia. Wakianza saa mbili kamili, saa tatu kasoro dakika kumi kalamu iwe kwenye insha ya pili, hata kama ya kwanza bado ni tamu. Kwenye moku utawaona: ya kwanza kurasa nne, ya pili aya mbili. Hao ndio wanaonisikitisha, maana Kiswahili wanakijua.