Slaidi ya pili isiwe ya salamu

Unapofundisha mchakato kwa posti ya Instagram yenye picha za kutelezesha, tuseme upishi wa chapati za tabaka, jalada lionyeshe matokeo, yaani chapati iliyochanwa hadi tabaka zake zikaonekana, pamoja na maneno machache kama "Chapati za tabaka kwa hatua 5". Slaidi ya pili ndiyo ambayo wengi huiharibu kwa kujitambulisha, ilhali Instagram huweza kumrudishia posti ileile mtu aliyeipita bila kuitelezesha, safari hii ikianzia slaidi ya pili. Hivyo iweke mahitaji na vipimo, na irudie jina la chapati ili ieleweke bila jalada.

Kila slaidi inayofuata ibebe tendo moja, ianze kwa kitenzi, na iishie kwa dalili ya kwamba hatua imekamilika: "Kanda mpaka unga uache kunata mkononi" humsaidia mpishi kuliko "Kanda vizuri". Hatua haziko sawa kwa ugumu. Kupaka mafuta, kukunja na kuzungusha donge kunastahili slaidi mbili au tatu, kwa sababu hapo ndipo tabaka hupatikana au hupotea, lakini kulipumzisha donge kunatoshwa na mstari mmoja.

Slaidi ya mwisho ikusanye vipimo na hatua zote kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo atakayoifungua mpishi akiwa jikoni, kisha iombe jambo moja tu: aihifadhi posti.