Kianikio cha dari: kapi la karibu na ukuta hubeba mara tatu

Tangu mvua za Desemba zilipoanza hapa Mtwara nimeulizwa mara nyingi mno jinsi ya kufunga kianikio cha dari, yaani fito ya kuanikia nguo ndani inayopandishwa kwa kamba na makapi, kwa hiyo naliandika jambo hili mara moja tu.

Hatua ya 1. Andaa fito, kamba ya kusuka, kishikio cha ukutani, kapi la gurudumu moja la upande wa mbali na kapi la magurudumu mawili la karibu na ukuta wenye kishikio.

Hatua ya 2. Panda darini uone boriti zinapopita, kisha uziwekee alama upande wa chini wa dari.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipoharibu. Kianikio changu kina kilo 4, na nguo zilizokamuliwa kwa mkono zilikuwa kilo 12, jumla 16, kwa hiyo kila ncha inabeba 8. Kapi la mbali huvutwa chini kwa kilo 8 hizo tu. Kapi la karibu na ukuta hubeba 8 za ncha yake, na kwa kuwa kamba za ncha zote mbili hupita hapo zikishuka hadi kwenye kishikio, kila moja huongeza 8 nyingine, hivyo jumla hukaribia 24. Mimi nililifunga kwenye branda, ile mbao nyembamba ya kushikia jipsamu chini ya boriti, ambayo imeshikwa na misumari iliyopigwa kutoka chini, na mzigo wa kuning'inia huivuta misumari hiyo polepole. Niliona ufa mwembamba kwenye rangi nikaupuuza. Alfajiri moja mashuka yalikuwa sakafuni pamoja na kipande cha jipsamu. Tumia skrubu ya ndoano ndefu inayopenya jipsamu na branda, ikazama angalau sentimita 4 ndani ya boriti yenyewe, na utoboe kwanza tundu jembamba ili mbao isipasuke.

Hatua ya 4. Ning'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji katikati ya fito, liache usiku kucha, na usilale chini yake. Mimi baada ya hapo siweki zaidi ya kilo 12 za nguo mbichi.

MASWALI

Mkazi wa Ligula: Fundi, dari yangu ni jipsamu, nikitumia fisha za plastiki si zinatosha?

Jibu: Hazitoshi. Soma hatua ya 3.

Mkazi wa Ligula: Nimesoma, ila nguo zangu ni chache.

Jibu: Zipime zikiwa mbichi, kisha upige hesabu ile ile ya hatua ya 3.

Dada wa Lindi: Shikamoo kaka. Je, mzigo huo wa kapi la karibu unaweza kupunguzwa?

Jibu: Marahaba dada, hilo ndilo swali. Ukiipa kila ncha kamba na kishikio chake, ikashuka karibu na kapi lake, kila kapi litabeba 16 badala ya moja kubeba 24, ingawa utalazimika kuvuta kamba mbili kwa usawa. Kama dari yako ni zege, tumia bolti za chuma za kutanuka.

Dada wa Lindi: Ni zege, na tuko karibu na bahari.

Jibu: Basi chagua ndoano za chuma kisichoshika kutu, na kila baada ya miezi michache ishushe fito ukague kamba pale inapopindia kwenye gurudumu, kwa sababu huko ndiko nyuzi huanza kukatika.