Jinsi ya Kuandika Barua ya Madai kwa Kampuni ya Meli: Kontena Lililotoboka na Demareji Iliyokokotolewa Vibaya

Mwagizaji mdogo anayepokea makontena mawili au matatu kwa mwaka hukutana na mambo haya mawili kwa pamoja. Mzigo umelowa, na papo hapo ankara ya kuchelewesha kontena imekuja kubwa kuliko inavyostahili. Wengi huandika barua moja ya malalamiko yenye uchungu mwingi na hesabu chache. Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa mistari miwili, na jambo linaishia hapo. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa Dar es Salaam mwanzo hadi mwisho: makontena mawili ya futi 40 yenye marobota ya vitenge kutoka China.

Kwanza hakikisha unamdai anayehusika. Demareji hutozwa na kampuni ya meli kwa sababu kontena ni mali yake na umekaa nalo kupita siku za bure. Tozo ya hifadhi, ile ya eneo ambalo kontena limekaa, ni ya bandari au bandari kavu, na kampuni ya meli haiwezi kukurudishia. Kisha soma hati yako ya shehena, ile BL, uone msafirishaji aliyetajwa ni nani. Kama hati umepewa na kampuni ya kukusanya mizigo na siyo yenye meli, mkataba wako ni na hiyo kampuni ya kukusanya mizigo. Hapo barua iende kwake, na nakala kwa wakala wa meli.

Taarifa ya uharibifu haisubiri hesabu

BL nyingi hufuata Kanuni za Hague-Visby. Kanuni hizo zinataka uharibifu unaoonekana utolewe taarifa kwa maandishi wakati wa kupokea mzigo, na usioonekana kwa nje ndani ya siku 3. Ukichelewa hupotezi haki ya kudai, ila itachukuliwa kwamba umepokea mzigo kama ulivyoandikwa kwenye BL, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo inakuangukia wewe. Kwa hiyo siku ileile unayofungua kontena tuma barua pepe fupi yenye namba ya BL, namba kamili ya kontena (herufi 4 na tarakimu 7), namba ya sili, unachokiona, na ombi kwamba watume mkaguzi wao mkague pamoja. Kiasi cha fedha usikitaje bado. Andika tu kwamba madai kamili yatafuata. Kama mzigo una bima, taarifa iende kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, kwa sababu nayo itataka kuona kwamba ulimwandikia msafirishaji mapema.

Katika mfano wetu, kontena la kwanza lilitoka bandarini Machi 17 na kufunguliwa siku hiyo. Intachenji, yaani hati ya makabidhiano ya kontena getini, haikuonyesha kasoro. Hilo si ajabu, maana tundu lilikuwa juu ya paa karibu na kona, mahali ambapo fremu ya kreni hupiga inapokosea shimo la kunyanyulia, na karani wa getini haoni paa. Njia ya kuligundua ni rahisi: mtu mmoja aingie ndani, milango ifungwe kabisa kwa dakika moja, aangalie mwanga unapoingia. Apige picha akiwa ndani, kisha mwingine apande ngazi apige tundu hilo kwa nje, namba ya kontena ikionekana kwenye picha mojawapo.

Picha za tundu peke yake hazitoshi. Jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba kontena lilitobolewa na lori lako na maji ni ya mvua za masika. Hapa ndipo kipimo cha nitrati ya fedha kinapookoa madai. Mkaguzi hudondoshea matone ya dawa hiyo mahali palipolowa. Maji yakiwa na chumvi, hugeuka meupe kama maziwa, na hiyo ni dalili ya maji ya bahari, ambayo hayakuingia kati ya geti na ghala lako. Lakini vitambaa vingi hutiwa rangi kwa kutumia chumvi, kwa hiyo kitenge kikavu nacho kinaweza kutoa weupe. Mwambie mkaguzi apime pia sakafu ya kontena chini ya tundu, kifungashio cha nje cha robota lililolowa, na robota kavu la upande wa pili kwa kulinganisha. Ripoti isiyo na kipimo hicho cha kulinganisha hupingwa kirahisi sana.

Usitupe wala kuuza chochote kabla ya ukaguzi. Tenga yaliyolowa, yafungue yakauke, na uandike hesabu. Sheria inakutaka upunguze hasara, na ukiacha marobota yaoze utaambiwa sehemu ya uharibifu umeisababisha mwenyewe.

Kukokotoa demareji upya

Chukua ankara yao, BL, jedwali lao la tozo na tarehe zilizothibitishwa. Tuseme jedwali linatoza dola 30 kwa siku katika siku 7 za kwanza baada ya siku za bure, na dola 60 kwa siku kuanzia ya 8. Makontena yote mawili yalirudi matupu Machi 27. Ankara imeanza kuhesabu Machi 3, siku meli ilipofunga gati, na imetoa siku 7 za bure. Hivyo kila kontena limetozwa siku 18, kuanzia Machi 10 hadi 27: siku 7 kwa dola 30 na siku 11 kwa dola 60, jumla dola 870. Kwa mawili ni dola 1,740.

Sasa soma BL. Muuzaji wa China alipatana siku 14 za bure na zimeandikwa humo, ila mfumo wa ofisi ya Dar umechukua siku 7 za kawaida. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. La pili ni siku ya kuanzia. Kama jedwali linasema siku zinahesabiwa tangu kontena kushushwa, tarehe ya meli kufunga gati haihusiki. La kwanza lilishushwa Machi 5, la pili Machi 6. Ukiihesabu siku ya kushushwa kuwa ya kwanza, la kwanza linaanza kutozwa Machi 19 na la pili Machi 20. Hadi Machi 27 hizo ni siku 9, sawa na dola 330, na siku 8, sawa na dola 270. Jumla ni dola 600. Tofauti ya dola 1,140 ni kosa lao tupu, haina mjadala.

Machi 25 lori lilipeleka makontena matupu kwenye yadi waliyoielekeza, likakataliwa kwa kuwa yadi imejaa. Siku za 26 na 27 hazikuwa zako. Zikiondoka, la kwanza linabaki na siku 7, dola 210, na la pili siku 6, dola 180. Jumla inashuka hadi 390. Hoja hii inasimama kwa ushahidi tu: karatasi ya getini yenye muhuri, au ujumbe wa yadi, au barua pepe uliyowatumia saa ileile kuwaambia lori limekataliwa. Maneno ya dereva peke yake hayatoshi.

Mwisho ni siku za kusubiri mkaguzi wao. Uliwaita Machi 17, akaja Machi 20. Kontena la kwanza lilikuwa limeanza kutozwa Machi 19, kwa hiyo siku mbili, 19 na 20, zilipotea kwa kumngoja. Ziondoe, deni lake liwe dola 150. Unakubali 150 na 180, yaani dola 330, na unapinga dola 1,410. Katika hoja tatu hii ya mwisho ndiyo dhaifu, maana mikataba mingi haisemi lolote juu yake. Iweke mwisho na uiandike kama ombi, isije ikachafua zile mbili zenye nguvu.

Mara nyingi hawatatoa hati ya kutolea mzigo au amana uliyoweka kwa ajili ya kontena mpaka ulipe yote. Lipa, lakini kabla ya kulipa tuma barua pepe: "Tunalipa ankara hii huku tukiweka pingamizi, bila kukubali kwamba ni sahihi, na tunabakiza haki ya kudai marejesho." Ukilipa kimyakimya, watasema ulikubali.

Barua yenyewe

Andika barua mbili, kila moja ikiitaja nyingine. Madai ya mzigo hushughulikiwa na dawati moja, ankara na dawati lingine, na barua iliyochanganya yote hukaa mezani kwa yule asiyehusika. Ofisi ya hapa itasoma Kiswahili, ila dawati la madai mara nyingi liko ng'ambo, kwa hiyo ambatisha tafsiri ya Kiingereza. Ya demareji iwe hivi:

> Ndugu Meneja,
>
> YAH: KUPINGA ANKARA NA. … YA DEMAREJI, BL NA. …, KONTENA NA. … NA NA. …
>
> Rejea ankara tajwa ya dola 1,740, tuliyoilipa tarehe … tukiweka pingamizi.
>
> 2. BL inatoa siku 14 za bure; ankara imetoa 7. Jedwali lenu linahesabu tangu kushushwa (Machi 5 na 6). Ankara imeanza Machi 3. Marekebisho haya pekee yanaishusha hadi dola 600.
>
> 3. Machi 25 yadi mliyoielekeza ilikataa kupokea makontena (kiambatisho C). Tunaomba siku za 26 na 27 ziondolewe. Deni linakuwa dola 390.
>
> 4. Tunaomba pia siku 2 ambazo kontena la kwanza lilisubiri mkaguzi wenu ziondolewe.
>
> 5. Tunakubali dola 330. Tafadhali tupeni hati ya marekebisho na mturejeshee dola 1,410 ndani ya siku 14.

Barua ya mzigo ifuate mpangilio huohuo, na hesabu yake isimame juu ya bei ya ankara pamoja na nauli na bima, si bei ya Kariakoo. Marobota 46 yamelowa, kila moja lilikufikia kwa dola 240. Yaliyoharibika kabisa ni 19, sawa na dola 4,560. Mengine 27 yameuzwa nusu bei na risiti zipo, hasara dola 3,240. Unadai dola 7,800 na ada ya mkaguzi wako. Ongeza aya moja ukikataa mapema ankara yoyote ya kutengeneza paa, kwa sababu kontena likirudi yadi, tundu lilelile linaweza kuandikwa kwa jina lako.

Wasipojibu, peleka barua zote na viambatisho TASAC, inayodhibiti mawakala wa meli nchini. Lakini angalia kalenda. Chini ya Hague-Visby kesi ya mzigo hufunguliwa ndani ya mwaka 1 tangu kupokea, na barua, ahadi au malalamiko kwa mdhibiti havisimamishi muda huo. Miezi 10 tangu kupokea ikitimia bila malipo, waombe kwa maandishi wauongeze muda, na jibu la kukubali nalo liwe la maandishi, likitaja tarehe mpya. Wakikataa au wakinyamaza, mpelekee wakili faili lote kabla ya miezi 11 kutimia.