Somo: Daftari moja la matukio siku ya tamasha, na matukio namba 17, 20, 21 na 23 yanavyosomwa pamoja

Kwenye maonyesho na mabonanza mengi ya hapa Arusha utakuta madaftari matatu. Meza ya matangazo ina lake la watoto waliopotea, hema la huduma ya kwanza lina lake la wagonjwa, na malalamiko yanaandikwa nyuma ya bahasha ya mtu wa ofisi. Kila moja likisomwa peke yake linaonekana safi. Shida huonekana pale tu mistari yote inapokaa kwenye ukurasa mmoja kwa kufuata saa. Kwa hiyo somo hili ni la daftari moja, mwandishi mmoja, saa moja.

Hatua ya 1: Andaa daftari siku moja kabla

Chukua kaunta buku ya kwaya 2, ipe kila ukurasa namba kwa kalamu ya wino, na usichane karatasi hata moja. Piga mistari ya safu saba: namba ya tukio, saa ya kupokea, nani ameleta taarifa, mahali, kilichotokea, nani ametumwa, saa ya kufunga. Safu ya mwisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayokuonyesha kwa jicho moja tukio gani bado liko wazi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili maneno ya zamani yaendelee kusomeka, kisha weka herufi za jina lako pembeni. Mstari uliofutwa kwa wino mweupe hauaminiki tena.

Majina ya wagonjwa na ya watoto hayaingii humo. Yanakaa kwenye fomu ya karatasi moja moja yenye namba ileile ya tukio, ndani ya bahasha iliyo chini ya mkono wa mwandishi. Daftari litapita mikononi mwa watu wengi, bahasha haipiti.

Chora pia ramani ya uwanja na uyape maeneo herufi. Viwanja vya Nane Nane pale Njiro, kwa mfano, ni vikubwa, na "karibu na mabanda" haimsaidii mtu yeyote. "Eneo D, mifugo" inatosha.

Hatua ya 2: Malizeni ugomvi wa saa kabla ya lango kufunguliwa

Mlinzi atasema "saa tisa na robo", simu yake inaonyesha 15:15, na mwingine ataandika 9:15. Jioni mtakuwa na matukio ya alasiri yaliyojichanganya na ya asubuhi. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: kwenye redio watu waongee saa ya Kiswahili kama walivyozoea, lakini mwandishi peke yake anaandika tarakimu za saa 24 kutoka saa moja iliyoko mezani. Anachoandika kwenye safu ya pili ni wakati taarifa ilipomfikia yeye. Wakati jambo lilipotokea, kwa maneno ya aliyeona, unaingia kwenye safu ya "kilichotokea". Nyakati hizo mbili ni tofauti, na tofauti yake ndiyo utakayoitafuta siku ya kupitia.

Hatua ya 3: Mtoto ana ncha mbili

Kuna mtoto anayetafutwa, na kuna mtoto aliyeokotwa. Taarifa hizi huja kutoka pande mbili za uwanja, kwa watu wawili wasiojuana, na mara nyingi ni mtoto yuleyule. Kila taarifa ipewe namba yake, lakini kabla mwandishi hajafungua namba mpya ya mtoto, asome kwa sauti namba zote za watoto ambazo hazijafungwa. Hiyo ni kazi ya sekunde kumi.

Maelezo ya nguo hudanganya, hasa Agosti. Asubuhi ni baridi, mzazi anamvalisha mtoto sweta. Jua likitoka sweta linafungwa kiunoni au linabaki kwenye gari. Muulize mzazi: ndani ya sweta kuna nini, na miguuni amevaa nini? Viatu havibadiliki mchana. Muulize pia kama alimpiga picha siku hiyohiyo, maana mara nyingi ipo kwenye simu yake. Upande wa mtoto aliyeokotwa, usiulize jina tu. Uliza "nyumbani wanakuitaje?", kwa sababu mzazi atatoa jina la shule na mtoto atatoa la nyumbani.

Mshereheshaji asitangaze jina la mtoto wala nguo zake kwenye kipaza sauti. Atangaze tu kwamba mzazi aliyepotezana na mtoto afike meza ya taarifa. Alama ambazo hazikutangazwa ndizo utakazomhoji nazo anayekuja kumchukua. Mtoto aliyeokotwa akae mahali pa wazi na watu wazima wawili, asitolewe nje ya uwanja.

Saa ya kuwaita polisi nayo iandikwe ukurasa wa kwanza kabla ya siku kuanza, isijadiliwe mama akiwa analia. Sisi tunaweka dakika 15 tangu taarifa ya kwanza, na papo hapo ikiwa kuna yeyote aliyemwona mtoto akivutwa au kufuatwa.

Hatua ya 4: Wagonjwa na malalamiko

Kwa mgonjwa, andika kinachoonekana. "Ameanguka, anapumua, anajibu kwa kubabaika, anatoka jasho" ni taarifa. "Amelewa" ni hukumu, na mtu mwenye kisukari aliyeshukiwa na sukari hubabaika na kuyumba vilevile. Mambo manne yanatosha: saa taarifa ilipofika, saa mhudumu alipomfikia, saa gari lilipoondoka, na limeelekea wapi, tuseme Hospitali ya Mount Meru.

Kwa malalamiko, andika maneno ya mlalamikaji mwenyewe, aliahidiwa nini, na nani aliyeahidi. Usiyapuuze yale madogo. Foleni ya choo, spika isiyosikika au lango linalobana huwa ni taarifa ya awali ya tukio kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Kupitia, ndani ya siku tatu

Nakili daftari kwenye jedwali la kompyuta, lile la asili lisiguswe. Weka saa ya kupokea kwenye safu B na ya kufunga kwenye safu C, kisha dakika zipatikane hivi:

```
=MOD(C2-B2,1)*1440
```

MOD inasaidia tukio linapovuka usiku wa manane. Kisanduku kiwe cha namba ya kawaida, si cha saa, la sivyo utaona kitu cha ajabu. Asilimia achana nazo. Watoto sita hawana asilimia, wana hadithi sita za kusomwa mstari kwa mstari.

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili.

Namba 17, 14:40: lalamiko, eneo D spika hazisikiki.
Namba 20, 15:12: mtu mzima ameanguka eneo D, mhudumu ametumwa.
Namba 21, 15:29: mama, lango kuu, anatafuta mvulana wa miaka 5, sweta la bluu. Anasema alifika langoni 15:26.
Namba 23, 15:52: hema la huduma ya kwanza lina mvulana, fulana ya njano, ndala nyekundu. Aliletwa 15:18.
Namba 21 na 23 zimeunganishwa 15:58, zimefungwa 16:07.

Mama amesubiri dakika 41. Mkikaa kikao cha haraka mtasema walinzi walitafuta taratibu. Angalieni vizuri. Mlinzi wa lango alitumia dakika 3 kufikisha taarifa, si mbaya. Kutoka kuunganisha namba hadi kukabidhi ni dakika 9, za kutembea na kuhakiki, wala msijaribu kuzipunguza. Lakini mtoto alikaa hemani dakika 34 kabla meza haijajua, na dakika 26 kati ya hizo mama alikuwa tayari langoni. Kwa nini hema halikupiga? Jibu liko namba 20: mhudumu aliyekwenda kwa mgonjwa aliondoka na redio pekee ya hema. Na kwa nini mama hakuelekezwa mapema? Namba 17: tangazo halifiki eneo D, ambako ndiko lilipo hema, na aliyekuwa na mtoto hakulisikia. Zile dakika 6 kati ya 15:52 na 15:58 ni za mwandishi: alisikia "njano", akafungua namba mpya bila kusoma namba zilizo wazi. Sweta lilikuwa limevuliwa.

Hapo marekebisho ni matatu, kila moja na jina la mhusika na tarehe: redio ya hema haitoki hemani, anayetoka anapewa nyingine, lalamiko la spika linapelekwa kwa fundi na halifungwi mpaka mtu asimame eneo D asikie, viatu vinaingia kwenye fomu ya mtoto. Madaftari yangekuwa matatu, namba 17 na 20 zisingekuwepo mezani kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Majengo, Moshi): Mkuu, shukrani kwa somo. Sisi tunatumia kundi la WhatsApp, kila kitu kinaingia na saa yake. Daftari la nini tena?

Jibu: Kundi litumike kuita watu, mkuu, lisiwe kumbukumbu. Uwanja ukijaa mtandao unakuwa mzito na ujumbe unafika umechelewa, wengine wanafuta walichoandika, na picha ya mtoto ikishaingia kwenye simu arobaini hairudi. Halafu kundi halikuonyeshi kilicho wazi. Lina mistari mia mbili na "sawa" themanini.

Swali (Sakina): Mtoto akimkimbilia mtu na kumwita mama, si inatosha kumkabidhi?

Jibu: Haitoshi, dada. Huku kwetu mama mdogo ni mama, na jirani anaweza kuwa mama. Andika kwamba amemwita hivyo, kisha muulize alama ambazo hazikutangazwa, namba ya kitambulisho, na mpigie mtu aliyekuja na mtoto uwanjani. Asaini. Ukibaki na shaka hata kidogo, mtoto haondoki: iteni polisi, wana Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya simu kwa mtoto iandikwe kwenye jalada la daftari pamoja na 112.

Swali (Kijenge): Tamasha letu la kwaya lina watu 300 na mimi ndiye kila kitu. Safu saba nitaziweza?

Jibu: Punguza ziwe nne: namba, saa, kilichotokea na wapi, saa ya kufunga. Ila usiwe wewe unayekimbia kumtafuta mtoto. Mpe kijana mmoja wa kwaya kazi ya kukimbia, wewe ubaki mezani. Mwandishi akiondoka, daftari linakuja kujazwa jioni kwa kukumbuka, na saa zote zinaishia na sifuri au tano. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya daftari la kubuni.

Swali (Moshi mjini): Shikamoo mwalimu. Fomu za majina tuzitunze miaka mingapi?

Jibu: Marahaba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zisikae kuliko zinavyohitajika kwa kazi iliyozikusanya. Siku ya kikao cha kupitia, andikeni juu ya bahasha tarehe ya kuiharibu na nani ataiharibu, isipokuwa fomu ambayo shauri lake liko polisi au mlalamikaji bado anadai. Daftari lenyewe, kwa kuwa halina majina, mnaweza kulitunza mkalilinganisha na la mwaka ujao.