Wazee wawili, Dar na Morogoro: wakutane wapi?

Mimi ni mshenga. Posa hupelekwa nyumbani kwa binti, hilo halina mjadala, lakini kabla ya barua wazee hupenda kuonana kimyakimya mahali pa kati. Juzi nilikuwa na mjomba wa kijana, anakaa Kinondoni, na baba wa binti, anakaa Kihonda, Morogoro.

Kwanza, hesabu saa, usihesabu kilomita. Ramani itakupeleka Chalinze. Nilishawahi kuifuata, mzee wa Dar akafika amechoka na amenuna, maana mwenzake alishakunywa chai mara mbili. Pima mlango hadi mlango. Kutoka Kinondoni hadi stendi ya Magufuli, Mbezi, niliweka saa moja na nusu kwa sababu ya foleni. Mbezi hadi Chalinze, saa mbili. Jumla tatu na nusu. Wa Kihonda anapanda bodaboda dakika kumi na tano hadi Msamvu, kisha basi saa moja na nusu. Huyu anasafiri nusu ya muda wa yule.

Pili, sogeza mahali kuelekea kwenye foleni. Nikajaribu Mlandizi. Wa Dar: saa mbili na nusu. Wa Morogoro: kama saa mbili na dakika arobaini na tano. Hapo pamekaa sawa.

Tatu, itazame treni, ila usiing'ang'anie. Treni ya umeme ilianza Juni 2024, na stesheni yake ya Morogoro iko hukohuko Kihonda. Tatizo ni za kati: Soga, Ruvu na Ngerengere haziko kwenye barabara kuu, na si kila treni husimama hapo. Treni inafaa pale mmoja anapokubali kwenda mpaka mwisho.

Nne, andika ujumbe. Hapa ndipo washenga wengi huharibu. Usimuulize mzee kama ana nauli, wala usimwambie "basi ni rahisi zaidi". Mpe njia mbili, taja saa za kila mmoja ili aone hapendelewi mtu, kisha umwachie aamue:

"Shikamoo baba. Habari za nyumbani? Kuhusu yale mazungumzo, tumeona Mlandizi, Jumamosi saa tano asubuhi. Kila upande utasafiri chini kidogo ya saa tatu. Ukipanda basi la Dar pale Msamvu saa mbili kasoro, utafika kwa nafasi. Kama basi linakuchosha, treni ipo mpaka Dar. Mjomba atakupokea stesheni na kukukaribisha kwake. Lolote utakaloona jema, sisi tupo. Gharama za siku hiyo, tunaomba ziwe zetu."

Akichagua basi, mkumbushe kwa simu amwambie konda "Mlandizi" kabla ya kulipa. Asipofanya hivyo, huenda akatozwa nauli ya Dar nzima, na akisinzia atazindukia Kibaha.

Yule wa Kihonda alijibu jioni: "Marahaba. Basi. Mjomba asichelewe."