Mjamzito Anayefanya Mazoezi: Namna ya Kupanga Chakula Katika Muhula wa Pili

Mpango huu ni wa mama mwenye ujauzito wa mtoto mmoja, aliye kati ya wiki ya 14 na ya 27, ambaye kliniki imeshamruhusu kufanya mazoezi. Mwenye shinikizo la juu, kisukari, upungufu mkubwa wa damu au aliyewahi kutokwa na damu katika ujauzito huu anahitaji mpango wa daktari wake, si huu.

Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa sentimita 160, aliyekuwa na kilo 60 kabla ya kushika mimba, ambaye sasa yuko wiki ya 20 na hutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Kwa kawaida hunywa chai ya rangi na maandazi 2 asubuhi, mchana hula ugali na mchicha, na usiku wali na maharage nusu kikombe.

Hatua ya kwanza: kadiria nishati. Ile kauli ya kwamba mjamzito ale kwa ajili ya watu wawili humwongezea mama uzito kuliko inavyomlisha mtoto, kwa sababu katika muhula huu nyongeza inayohitajika ni kama kilokalori 340 tu kwa siku. Matembezi ya nusu saa huongeza takriban 100 nyingine, na siku ya mapumziko hizo 100 hazihitajiki.

Hatua ya pili: kadiria protini. Zidisha uzito wa kabla ya ujauzito kwa 1.1. Kwa mama wetu, 60 mara 1.1 ni gramu 66, nasi tutalenga 70 hivi. Chakula chake cha sasa kinampa karibu gramu 35, na hapa ndipo penye tatizo hasa: anashiba vizuri, lakini shibe yenyewe ni ya wanga.

Hatua ya tatu: badilisha kabla ya kuongeza. Asubuhi, maandazi yaondoke na nafasi yake ichukuliwe na kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha pamoja na mayai 2 yaliyoiva hadi kiini kikauke, ambayo yana gramu 12 za protini. Saa nne anywe kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, gramu 8. Mchana, ugali na mchicha vibaki kama vilivyo, ila aongeze konzi ya dagaa wakavu, kama gramu 20 kabla ya kupikwa, ambao huleta gramu 12 nyingine za protini pamoja na madini ya chokaa. Usiku maharage yawe kikombe kizima, na pembeni kiwepo kipande cha parachichi. Kwa mabadiliko hayo anafika gramu 70, na nishati imepanda karibu na kiwango tulichokadiria. Siku ya mazoezi ale ndizi mbivu moja kabla ya kutoka, kwani kutembea na tumbo tupu huweza kumletea kizunguzungu. Unga wa protini wa dukani hauna kazi katika mpango huu.

Chai nayo isogezwe saa moja au zaidi mbali na mlo, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na hata vidonge vya kuongeza damu havimezwi kwa chai.

Hatua ya nne: ondoa vyenye madhara. Wa pwani watanilaumu, lakini papa, awe mbichi au mkavu, aachwe mpaka mama ajifungue, na nduaro vivyo hivyo, kwa sababu samaki hao wakubwa hulimbikiza zebaki inayodhuru ubongo wa mtoto. Dagaa na vibua hawana shida hiyo. Maini, ambayo wengi hushauriwa kula ili kuongeza damu, yana vitamini A nyingi mno kwa mimba, kwa hiyo mimi siyaweki katika mpango. Maziwa mabichi, na mtindi uliotokana nayo, hubeba vimelea vinavyoweza kuharibu mimba. Karanga zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, kwani kuzikaanga hakuondoi sumukuvu. Anayetamani udongo wa pemba asiule bali aseme kliniki apimwe damu, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma.

Hatua ya tano: pima. Apande mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya kula. Kwa mama wa umbo hili, ongezeko la karibu nusu kilo kwa wiki linatosha. Likisimama wiki mbili mfululizo, aongeze konzi ya karanga kila siku au apunguze matembezi. Uzito ukiruka ghafla kwa kilo moja au zaidi ndani ya wiki, hasa uso na mikono ikivimba, kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, asipunguze chakula. Aende kliniki siku hiyohiyo akapimwe shinikizo la damu na mkojo.