SOMO: Mkato wa barabara umeporomoka? Soma hapa kabla hujaagiza gabioni

Kila mvua ikikolea naulizwa swali lilelile: "Mkato wetu umeshuka, tujenge ukuta wa urefu gani?" Nimechoka kulijibu moja moja, kwa hiyo naliweka hapa. Ukuta ni swali la mwisho. La kwanza ni maji yalitoka wapi na yalifika kimo gani.

Somo hili linahusu mikato ya vilima vya Mwanza, ambako itale imeoza ikawa udongo wa kichanga na ndani yake yamebaki majabali mazima. Mfano wetu ni mkato wenye kimo cha mita 9, mteremko wa nyuzi 45, juu yake kuna nyumba. Tabaka la unene wa mita 2 hivi limeteleza usiku wa mvua ya masika na kufunika njia moja.

Hatua ya 1. Funga njia iliyo upande wa mlima, weka mtu wa kuangalia juu.

Hatua ya 2. Usiruhusu kijiko kuchota kifusi chote kilicholala kwenye kitako. Kifusi hicho ndicho kinachoegemeza sehemu iliyobaki. Ondoa kinachozuia magari tu, mchana, mvua ikiwa imekatika.

Hatua ya 3. Panda juu. Tafuta nyufa nyuma ya ukingo, pima upana na umbali wake kutoka ukingoni, kisha zizibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isiingie. Kagua pia majabali yaliyobaki yakining'inia: kama udongo wa chini yake umeondoka, hilo ni tatizo la leo, halingoji ripoti.

Hatua ya 4. Chora umbo la mteremko kabla na baada ya kuporomoka. Futi kamba na kipima pembe vinatosha kuanzia.

Hatua ya 5. Kimo cha maji wakati wa kuporomoka. Hapa ndipo ripoti nyingi zinaharibika, naomba msome taratibu.

Mteremko ulioanguka umekupa kipimo cha bure: wakati ule kigezo cha usalama, yaani nguvu inayozuia ikigawanywa kwa nguvu inayosukuma, kilikuwa 1.0. Kwa utelezi mwembamba uliokwenda sambamba na uso wa mteremko tunatumia:

```
FS = [c + (γ·z·cos²β − u)·tanφ] / (γ·z·sinβ·cosβ)
```

Hapo FS ni kigezo cha usalama, c ni mshikamano wa udongo, γ ni uzito wake wa kilonewton kwa mita ya ujazo, z ni kina cha utelezi, β ni mteremko, φ ni pembe ya msuguano, na u ni shinikizo la maji. Tuchukue γ = 19, z = 2, β = 45°, φ = 34°. Tukisema maji yalijaa mpaka juu na kutiririka sambamba na mteremko, u ni 9.8 na c inatoka kama kilopaskali 12.8. Tukisema ulikuwa mkavu, c ni 6.2 tu. Udongo ni uleule, lakini majibu yanapishana maradufu.

Hatari iko hapa: ukidai maji yalijaa na kumbe hayakujaa, utaupa udongo nguvu usio nayo, na kila suluhisho litakalofuata litaonekana salama kwenye karatasi. Basi usikisie. Tafuta alama: mstari wa unyevu kwenye ukuta wa kovu, matundu madogo yanayotoa maji, majani mabichi mahali pamoja wakati pengine pamekauka. Waulize wenye nyumba za juu mashimo ya vyoo yako wapi, maji ya kuogea yanamwagwa wapi, bomba lilipasuka lini. Kwenye mitaa ya milimani kama Mabatini na Bugarika, maji ya majumbani huweza kuulowesha mlima hata kiangazi.

Hatua ya 6. Pima chaguo zako kwa udongo huohuo. Mfano wetu ulikuwa na alama za maji mpaka karibu na uso, kwa hiyo tunakwenda na c ya 12.8. Mkato huo ukiwa mkavu una 1.35, ndiyo maana ulisimama miaka. Ukiulaza kwa kupanda 1 kwa kila 1.5 ya ulalo, bila kugusa maji, na maji yakajaa tena, unapata 1.22. Ukibaki na nyuzi 45 na kushusha maji nusu, unapata 1.17. Ukifanya yote mawili, 1.48. Mimi sikubali chini ya 1.3 mahali penye nyumba juu, na ningependa 1.5.

Kushusha maji maana yake ni mtaro uliojengewa nyuma ya ukingo, usiovuja, na mabomba yenye matundu yaliyochomekwa ndani ya mlima yakipanda kidogo, nyuzi 5 hivi, ili yajimwage yenyewe. Kama nyumba hazikuachii nafasi ya kulaza mteremko, hapo ndipo gabioni au misumari ya udongo, yaani vyuma virefu vinavyochomekwa ndani ya mlima, huingia, na mabomba yanabaki palepale.

Hatua ya 7. Fuatilia. Vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima kila asubuhi na kila baada ya mvua kubwa. Weka kipima mvua na bomba la kusomea kimo cha maji. Andika tarehe na saa.

MASWALI

Kokoto_Nyakato: Mkuu, sisi wetu una mita 6. Gabioni ngazi ngapi?

Mwandishi: Rudi Hatua ya 5. Hujaniambia maji, mteremko wala kina cha utelezi.

Kokoto_Nyakato: Mafundi wote wanajibu papo hapo, wewe unazungusha.

Mwandishi: Anayekupa idadi ya ngazi bila kuona mlima anakadiria kwa maisha ya watu walio chini. Leta vipimo, nitakaa na wewe mpaka mwisho.

Binti_Igoma: Kaka, samahani, naomba kuelewa. Ufa ukipanuka kiasi gani ndipo tuwahamishe watu?

Mwandishi: Dada, hili ni swali zuri sana. Usitazame upana, tazama mwendo. Ufa unaokwenda milimita 1 kwa siku na kupungua mvua ikiisha una nafuu. Unaoongeza kasi siku hadi siku ndio wa kuogopa. Gawa 1 kwa mwendo wa kila siku. Tuseme ni milimita 5, kisha 6.7, kisha 10: unapata 0.20, 0.15, 0.10. Kila siku inapungua 0.05, kwa hiyo mstari unagusa sifuri baada ya siku 2. Hilo ni kadirio, na mvua moja kubwa inaweza kuliwahisha. Hamisha watu ukiona kasi inaongezeka, usisubiri sifuri.

Binti_Igoma: Na fomula hiyo inafaa kila mahali?

Mwandishi: Hapana. Ni ya utelezi mwembamba na mrefu. Ukikuta kovu la duara lililozama, au udongo umeteleza juu ya ufa wa zamani wa mwamba uliooza, inahitaji uchambuzi mwingine. Ufa wa namna hiyo unautambua kwa uso laini, mara nyingi wenye rangi nyeusi au nyekundu ya kutu.

Fundi_Sangara: Nyongeza kwa wanaojenga gabioni: nyuma wekeni kitambaa cha kuchujia. Bila hicho kichanga chetu cha itale kinapita kwenye mawe, mnaona mashimo juu ya ukingo mvua ya pili.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na mabomba yasafishwe kabla ya vuli. Bomba lililokuwa likitoa maji na sasa limekauka wakati mvua inanyesha, chukulia limeziba mpaka uthibitishe vinginevyo.

Fundi_Sangara: Vetiva je? Huku wengi wanapanda.

Mwandishi: Inazuia mmomonyoko wa uso vizuri. Lakini utelezi wa mita 2 kwenda chini usiutegemezee mizizi peke yake, hasa msimu wa kwanza, mizizi ikiwa bado mifupi. Panda baada ya kulaza mteremko na kumaliza mitaro.